Sangara, karani na elsii: maswali yenu

Elsii yangu inasema "minofu ya sangara iliyogandishwa, isiyo na ngozi". Karani kaandika kwenye ankara "minofu ya sangara" tu. Kuna shida? (Muuzaji, Igogo)

Ipo. Elsii ni ahadi ya benki ya kukulipa hati zako zikilingana nayo, kwa hiyo maelezo ya bidhaa kwenye ankara lazima yalingane na yake. Hati ya shehena au cheti cha asili vinaweza kutaja kwa ufupi, mradi visipingane nayo. Kwenye ankara mimi hunakili maelezo ya elsii neno kwa neno, hata mnunuzi akiwa amekosea tahajia.

Elsii ni ya kilo 24,000 kwa dola 4.60 kilo, jumla dola 110,400. Samaki walikuwa wachache, tukapakia 23,400. Nitalipwa?

Utalipwa, kama mambo mengine yako sawa. UCP 600, yaani kanuni za kimataifa za elsii, zinaruhusu uzito kuzidi au kupungua hadi asilimia 5, isipokuwa elsii yenyewe ikatae. Wewe umepungua asilimia 2.5. Andika ankara ya dola 107,640, na kilo 23,400 zionekane vilevile kwenye kila hati inayotaja uzito halisi. Hapa ndipo wengi wanakwama: ankara inasahihishwa, orodha ya vifungashio inabaki na kilo za zamani.

Ila soma elsii tena. Kama imetaja katoni 2,400, nafuu hiyo haipo, maana katoni zinahesabika moja moja. Na kuzidi kuna mtego wake. Kilo 24,600 zimo ndani ya asilimia 5, lakini thamani yake ni dola 113,160, na elsii hailipi zaidi ya 110,400.

Lori liliondoka Mwanza tarehe 3 Machi, meli ikapakia Dar es Salaam tarehe 12. Siku zangu 21 za kuwasilisha hati benki zinaanza lini?

Tarehe 12, siku mzigo ulipopandishwa melini. Tarehe ya lori haihusiki kwa hati ya shehena ya bahari. Kwa hiyo mwisho wa kuwasilisha ni tarehe 2 Aprili, lakini elsii ikiisha 31 Machi, siku yako ya mwisho ni hiyo 31. Kwanza tazama kama hati ya shehena inasema mzigo umepakiwa melini. Ikisema "umepokelewa" tu, dai yaongezwe maandishi yenye tarehe ya kupakiwa.

Sasa angalia tarehe ya mwisho ya usafirishaji. Ikiwa ni 10 Machi, hiyo ni dosari isiyofutika kwa kalamu. Omba mnunuzi arekebishe elsii au akubali dosari hiyo. Wakala wa meli akijitolea kurudisha tarehe nyuma, mkatalie; huo ni ughushi.

Benki imekataa hati. Ndiyo basi?

Hapana. Benki ina siku 5 za kazi kukagua, na lazima itaje dosari zote kwa mara moja, si moja leo nyingine kesho. Rekebisha ulizotajiwa, rudisha kabla muda haujaisha. Ndiyo maana hati zifike benki mapema, zisingoje siku ya 20.