Tangazo la tawi jipya: mweleze mteja fundi wake atakuwa wapi

"Mwezi ujao nafungua tawi la pili. Niwaandikie nini wateja wangu wa siku zote ili wasidhani kwamba huduma itashuka?"

Nilipokaribia kufungua tawi la pili la karakana yangu ya ushonaji, niliwatumia wateja ujumbe kwamba tunapanuka na "ubora utabaki ule ule". Kwa siku mbili simu haikutulia, na karibu kila aliyepiga aliuliza kama mkataji wake anahama. Walikuwa na haki ya kuuliza, kwani nilikuwa nimempangia mkataji mkuu siku tatu za wiki katika tawi jipya na sikulitaja jambo hilo popote. Ujumbe wa pili niliuandika hivi:

"Ndugu mteja, kuanzia mwezi ujao tutakuwa na tawi la pili. Hapa unapohudumiwa patabaki wazi kwa saa zile zile. Mkataji wako atakuwa hapa Jumatatu, Jumanne na Alhamisi, na nguo zako ataendelea kuzikata yeye mwenyewe. Kitambaa utakacholeta siku ambayo hayupo kitapokelewa na kusubiri zamu yake, hivyo kazi inaweza kuchelewa hadi siku tatu. Nguo isiyokukaa vizuri itarekebishwa bila malipo katika tawi lolote."

Msaidizi wangu alitaka tuifute sentensi ya kuchelewa. Niliikataa rai hiyo, kwa sababu mteja anayeelezwa waziwazi kitakachopungua huwa tayari kuyaamini yale mengine.

Ahadi ya marekebisho ndiyo iliyotugharimu kazi. Daftari la vipimo lilikuwa moja tu, na mengi hayakuwamo hata humo: kwamba fulani bega lake la kulia limeshuka kidogo, au kwamba mwingine hupenda mkono wa shati ufike kwenye kifundo, yote yalikuwa kichwani mwa mkataji. Tulikaa naye jioni kadhaa tukiyaandika na kunakili daftari zima, na ujumbe haukutoka mpaka kazi hiyo ilipokwisha. Wafanyakazi waliusoma kabla ya wateja, nao wateja waliupata kabla hatujatundika bango, maana mteja wa miaka mingi akizisikia habari kwa mpita njia huona amedharauliwa.

Baada ya kufungua, usisubiri malalamiko, kwa kuwa wengi huondoka kimya. Mimi nilihesabu kila wiki nguo zilizorudishwa kurekebishwa, kwa kila tawi, nikazilinganisha na za mwezi uliotangulia ufunguzi. Wiki ya tatu zilipanda katika tawi la zamani. Nilipofuatilia niligundua kwamba mpokeaji, ili asimkatalie mteja mwenye haraka, alikuwa akimpa mwanafunzi vitambaa avikate siku ambazo mkataji hayupo. Tulisimamisha jambo hilo siku ile ile, nikawapigia simu mwenyewe wenye nguo zilizopita mikononi mwa mwanafunzi, nikawaomba wazilete hata kama hawakuwa wamelalamika.