Barua kwa mwanangu: bei mbili za seti moja ya dhahabu

"Baba, mthamini ameandika kwenye cheti kwamba seti yangu ni milioni 16. Nikaipeleka kwa mnunuzi wa dhahabu mjini Kampala nijue ingeuzwaje, akaniambia milioni 9 na laki nne unusu. Mmoja wao ananidanganya. Nani? Na kwenye fomu ya bima niandike ipi?"

Mwanangu,

Hakuna aliyekudanganya, ingawa mnunuzi ana jambo dogo la kujibu, nami nitalifikia. Nimekaa na picha za karatasi zote mbili ulizonitumia, nikazikokotoa kama nilivyokuwa nikifanya nilipokuwa kwenye benchi la sonara. Hesabu zinakubali. Wanaume hao wawili wameulizwa maswali tofauti juu ya kitu kimoja. Mthamini wa bima ameulizwa: seti hii ikiibiwa leo, duka litamtoza mwenyewe kiasi gani kumtengenezea nyingine kama hiyo, mpya? Mnunuzi amejiuliza: nikiitia kwenye tanuri, nitatoa dhahabu kiasi gani, na nibakiwe na faida?

Tuifuate seti yenyewe. Mizani ilisoma gramu 32: mkufu 18, na bangili mbili za gramu 7 kila moja. Mkufu una mawe mekundu ya kioo yenye uzito wa gramu 2, na mthamini wako kayatoa kwenye hesabu, jambo ambalo si kila mthamini hulifanya. Basi dhahabu ni gramu 30. Muhuri unasema 916, yaani karati 22: katika kila sehemu 1,000 za metali, 916 ni dhahabu safi. Gramu 30 mara 0.916 ni gramu 27.48 za dhahabu safi. Siku waliyopima, wote wawili walihesabu dhahabu safi kwa shilingi 400,000 gramu moja. Metali peke yake, basi, ni kama milioni 11. Hapo wote wawili wangeweza kukutana. Baada ya hapo kila mmoja anakwenda upande wake.

Mthamini anapanda. Anaongeza ufundi, asilimia 20 ya metali, ambao si wa ajabu kwa mkufu wenye kazi ya waya kama ule. Sasa ni milioni 13.2. Anaongeza 400,000 za mawe na kuyapachika. Kisha kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18, ambayo duka lililosajiliwa lazima likutoze. Ukimaliza kujumlisha unapata milioni 16 na kitu kidogo. Hakuna shilingi iliyotiwa chumvi humo.

Mnunuzi anashuka. Mawe kayaweka kando, kwake ni takataka. Ufundi halipi, maana atauyeyusha. Kodi uliyolipa dukani haimhusu. Yule si duka, wewe si mfanyabiashara, na hakuna anayekurudishia. Ni kama nguo ya gomesi: fundi alilipwa kuishona, lakini ukiipeleka soko la Owino hakuna atakayekurudishia pesa za fundi. Kisha kwenye karatasi yake kaandika karati 21, si 22. Gramu 30 mara 0.875 ni gramu 26.25, sawa na milioni 10.5. Akakata asilimia 10 ya kusafisha na faida yake, ikabaki 9,450,000.

Hiyo karati 21 ndiyo ninayotaka umuulize. Mkufu wa zamani una viungo vingi, na kila kiungo kimeungwa kwa lehemu, ambayo kwa kawaida ina dhahabu kidogo kuliko mkufu wenyewe ili iyeyuke mapema. Ukiuyeyusha mkufu wote pamoja, karati hushuka. Kwa hiyo kwa mkufu huenda ana haki. Bangili zako, hata hivyo, ni za waya mzito usio na uwazi wala kiungo cha maana, na hazikustahili kuwekwa kundi moja na mkufu. Ukipima kando, bangili kwa 22 na mkufu kwa 21, kwa bei ileile na makato yaleyale unapata kama milioni 9.66. Tofauti ni zaidi ya shilingi 200,000. Siku ukiuza kweli, usikubali vitu viwili viwekwe kwenye kisahani kimoja cha mizani. Tena uone kibandiko cha ukaguzi cha Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, kwenye mizani yenyewe. Asipokuwa nacho, kwaheri.

Umeniuliza pia walijuaje karati. Mnunuzi alisugua kwenye jiwe jeusi, akadondosha asidi, akalinganisha na alama ya sindano za karati zinazojulikana. Mzoefu huona tofauti ya karati moja hivi, si ndogo kuliko hiyo, na akiwa na shaka huwa anaangukia upande wake. Mthamini alitumia mashine ya eksrei. Hiyo husoma vizuri sana, lakini ngozi ya juu tu. Kitu kilichopakwa dhahabu nene kinaweza kuidanganya. Kwa bangili isiyo na uwazi kuna kipimo rahisi cha kuthibitisha: itundike kwa uzi ndani ya maji, mizani ikiwa juu. Ya gramu 7 za karati 22 itaonekana imepungua kama gramu 0.4. Ikipungua gramu 0.8, ndani kuna shaba au kitu cha aina hiyo. Kwa mkufu wenye mawe kipimo hiki hakifai. Jibu la mwisho kabisa hutoka kwenye kuyeyusha, na hapo seti imekwisha.

Sasa fomu. Andika milioni 16, ile ya kununua upya, mradi mkataba wako unasema fidia ni kwa gharama ya kupata kipya. Baadhi ya mikataba husema fidia ni thamani ya kitu jinsi kilivyokuwa siku ya hasara, baada ya kupunguza uchakavu. Huo ni mkataba mwingine na hesabu nyingine, na kulipia milioni 16 chini yake ni kuwapa watu pesa ya bure. Soma kifungu hicho kabla ya ukurasa wa bei.

Najua kilichokuvuta kwenye milioni 9.45: ada ya kila mwaka inashuka. Lakini mikataba mingi ya vitu vya nyumbani ina kifungu cha uwiano. Kinasema kwamba ukikatia bima sehemu tu ya thamani, kampuni nayo italipa sehemu hiyohiyo ya kila hasara, hata iwe ndogo. Chukua mfano bangili moja imepotea. Kuitengeneza upya, pamoja na ufundi na kodi, ni kama milioni 3.6. Wewe ulidhani 3.6 iko mbali sana na kiwango chako cha 9.45, utalipwa yote. Mkaguzi wa kampuni atagawanya 9.45 kwa 16, apate asilimia 59, akupe milioni 2.1. Na kwa kuwa bangili ni jozi, kampuni nyingi zitakulipia ile iliyopotea tu. Kubaki na moja isiyo na mwenzake ni shida yako.

Kupita juu nako hakukufaidii. Kuna maduka ambayo ukinunua kitu cha milioni 10 yanakupa cheti cha milioni 15 kama zawadi, mteja aondoke akidhani amepata bahati. Cheti hicho kazi yake ni kukulipisha ada kubwa. Siku ya hasara kampuni haifungwi na namba uliyoandika: inatafuta gharama halisi ya kununua kingine siku hiyo. Nyingi pia zina haki ya kuchagua kati ya kukupa pesa na kukutengenezea. Kama sonara wao anaweza kuitengeneza kwa milioni 13 kwa sababu huwapunguzia bei, na wewe ukasisitiza upewe pesa, usishangae ukipewa 13. Isipokuwa mkataba uwe umeandika wazi kwamba thamani imekubaliwa na pande zote tangu mwanzo. Uliza hilo kwa maandishi. Ukija kuzungushwa, Mamlaka ya Udhibiti wa Bima, IRA, pale Kampala hupokea malalamiko ya wateja.

Kwa mthamini mimi huangalia mambo mawili. Analipwaje: akitoza asilimia ya thamani anayoiandika, ana sababu ya kuipandisha, kwa hiyo nampenda anayetoza kiasi kimoja kwa kazi. Na je, anataka kununua? Anayekuthaminia kisha akasema "nitaichukua mimi" amekuwa mnunuzi, na namba yake ni ya mnunuzi. Wako hana dosari hizo mbili, ila kasahau kuandika kwenye cheti kwamba tathmini ni kwa ajili ya bima. Mrudie aliandike. Bila sentensi hiyo, siku moja mtu ataichukua karatasi hiyo kama bei ya kuuzia.

Nasema hivi kwa sababu nimeona ndugu wakigombana kwenye mirathi kwa ajili ya cheti cha bima. Mmoja alihesabiwa mkufu wa mama kwa bei ya duka, wenzake wakachukua pesa taslimu, naye alipokwenda kuuza akajikuta ana karibu nusu ya fungu lake. Kwenye mirathi, na hata unapopeleka dhahabu mahali kama dhamana ya mkopo, namba inayohesabika ni ile inayokaribia ya mnunuzi. Mkopeshaji atashuka chini yake zaidi, kwa kuwa anafikiria kuuza kwa haraka.

Jambo la mwisho ni tarehe. Cheti chako kimesimama kwenye 400,000 kwa gramu. Bei ikipanda kufika 500,000, seti hiyohiyo itagharimu karibu milioni 20, na wewe uliyekata bima kamili utakuwa umeingia kwenye kifungu cha uwiano bila kugusa kitu. Kwa hiyo kila unapolipa ada ya mwaka, angalia bei ya gramu kwanza. Kama imesogea sana, mwombe mthamini abadilishe mstari wa bei tu. Uzito na karati havibadiliki, na hapaswi kukutoza kama kazi mpya.

Piga picha kila kipande peke yake, pande mbili, na muhuri wa 916 uonekane kwa karibu. Uziweke kwenye simu yako na unitumie mimi pia, zisikae ndani ya sanduku lilelile linaloweza kuibiwa. Orodhesha vipande vitatu kila kimoja na thamani yake kwenye fomu, usiandike "seti ya dhahabu" tu. Mikataba mingi ina kikomo cha malipo kwa kitu kimoja kisichotajwa, na kikomo hicho kinaweza kuwa kidogo kuliko bei ya mkufu. Sahihi usitie mpaka kifungu cha fidia nikisome mimi. Kipige picha unitumie Bombo, mama yako naye anakusalimu.

Baba yako