Bila barafu, mjomba

Swali la wiki: "Juisi ya miwa ya barabarani: bado unakunywa, au umeacha kwa sababu ya sukari?"

Mhariri, sukari haijawahi kunisumbua kichwa. Kilichonitoa kwenye juisi ya miwa ni barafu, na ninaijua kwa sababu nimeibeba kwa mikono yangu.

Mwaka 2015 nilikuwa namsaidia mjomba na mashine yake ya miwa pale Tandika. Barafu ililetwa asubuhi kwa baiskeli, bonge zima limeviringishwa kwenye kiroba, na aliyetuuzia ndiye huyohuyo aliyewauzia wachuuzi wa samaki. Hatukuwahi kumuuliza maji yake ni ya bomba au ya kisima. Tulilipasua kwa nyundo juu ya kiroba kilekile, tukavimwagia vipande kikombe kimoja cha maji, basi, vikaingia kwenye jagi. Mjomba aliamini kwamba chochote kibaya kinakufa kwa baridi. Hakifi. Vimelea vya kipindupindu hutulia ndani ya barafu, na barafu ikiyeyuka kwenye glasi navyo vimo. Ndimu inasaidia kwa uchachu wake, lakini kipande kimoja kilichokunjwa ndani ya muwa si dawa ya jagi zima.

Glasi nazo tulizisuuza kwenye ndoo moja tangu asubuhi. Siku moja alasiri nilipangusa mkono mdomoni nikashangaa: maji ya ndoo yalikuwa matamu, na nyuki walishajua kabla yangu. Jioni mashine ilipanguswa kwa kitambaa tu. Machicha yaliyonasa kwenye meno ya rola yalilala humo usiku kucha, na asubuhi ukisogeza pua ulisikia harufu ya pombe. Glasi ya kwanza ya siku ndiyo iliyosafisha rola. Tuliwauzia waliowahi kazini, Mungu atusamehe. Tangu hapo, kabla sijaagiza popote, natazama penye meno ya rola: pakiwa peusi na panateleza, napita zangu.

Sasa kuna mama mmoja, muuguzi, aliyekuwa akija na kikombe chake cha bati. "Bila barafu, baba," anasema. Mjomba alikuwa akinuna. Nilidhani ni kiburi cha mfanyabiashara anayeambiwa mchafu, hadi aliponieleza mwenyewe: barafu inajaza theluthi ya glasi. Ukiitoa, theluthi hiyo unaijaza juisi, na muwa una bei. Mwishowe akaanza kumtoza zaidi, na mama akawa analipa bila neno. Agosti mwaka huo kipindupindu kilipoingia Dar, mjomba alifunga mwenyewe wiki mbili. Aliporudi, barafu akaiweka nje: sufuria ya juisi ndani ya beseni lenye barafu, baridi inapita bila maji kuchanganyika. Rola akawa anazisugua kwa sabuni na maji ya moto kila anapofunga. Kilichomgharimu ni mkaa na nusu saa.

Nilianza kuandika nikitaka kusema: agiza bila barafu, mambo yamekwisha. Lakini hiyo theluthi ya mjomba imenirudia hapa mezani. Juisi ya miwa, kwa kukadiria, ina gramu 13 hadi 15 za sukari katika kila mililita 100, kutegemea muwa wenyewe. Glasi ya mililita 300 iliyojaa barafu ina juisi kama mililita 200, yaani gramu 28 hivi, vijiko saba vya chai. Ukikataa barafu unapewa 300 kamili, na vijiko vinafika kumi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 50 kwa siku, na ikiwezekana abaki chini ya 25. Sukari ya juisi inahesabiwa humo, hata kama hakuna aliyeikoroga. Kumbe muuguzi wetu alikwepa kuhara akaongezewa sukari, tena kwa kulipia.

Kwa hiyo nageuza kauli, ingawa si yote. Uchafu una dawa: sabuni, maji ya moto, beseni. Sukari haioshwi. Mwenye kisukari asidanganywe kwamba hii ni sukari ya asili. Mwilini inaingia haraka kama ya dukani, kwa kuwa nyuzi za muwa zimebaki kwenye machicha. Anayetaka utamu na meno yake bado mazima, atafune muwa: utamchosha taya kabla hajafikisha glasi. Kwa mtoto aliyecheza mpira saa mbili, au mbeba mizigo, sina ugomvi na glasi moja, rola zikiwa safi.

Mimi je? Ijumaa iliyopita nilimwomba kijana wa pale kituoni nusu glasi, bila barafu. Akanitoza bei ya glasi nzima. Nikalipa.

Msomaji, Temeke