Kipimajoto kibovu: barua ya kuomba kurudia jaribio la kalorimita

Swali: Shikamoo. Nasoma stashahada hapa Arusha. Nilipima joto mahususi la shaba kwa kalorimita nikapata 559, wakati kitabuni ni kama 390. Nilianza na kipimajoto kimoja, mwenzangu akakichukua, joto la mwisho nikapima kwa kingine. Baadaye nilikijaribu hicho cha pili: kwenye barafu inayoyeyuka kinasoma 3, kwenye maji yanayochemka 98. Kile cha kwanza kwenye maji yanayochemka kilisoma 95. Naona vyote ni vibovu. Nimwandikieje msimamizi wa maabara nirudie?

Jibu: Marahaba. Kabla ya kuandika, kitetee kwanza kipimajoto cha 95, maana hakina kosa. Maji huchemka kwa nyuzi 100 kwenye usawa wa bahari. Arusha iko mita kama 1,400 juu, hewa ni nyepesi, na maji yanachemka karibu na 95. Hata Moshi, palipo chini zaidi, ni kama 97. Ukimwandikia msimamizi kwamba kipimajoto kinasoma 95 "badala ya 100", atakurudishia barua bila kuifikisha nusu.

Sasa angalia hicho cha pili kwa jicho hilo. Kwenye barafu kimezidisha 3, na kwenye maji ya Arusha 98 kutoa 95 ni 3 vilevile. Kwa hiyo kinazidisha kiasi kilekile chini na juu. Kwa vipimajoto vya spiriti, dalili hiyo mara nyingi ni ya safu iliyokatika: kipande cha spiriti kimeachana na kingine, na pengo lililo katikati linakisukuma juu. Kishike kwenye mwanga ulitafute.

Kosa la namna hiyo lisingekudhuru kama ungetumia kipimajoto hicho tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu hesabu inatumia tofauti za joto tu, na 3 ingejifuta yenyewe. Kilichokuponza ni kubadilisha katikati. Nachukulia vipimo vyako ni vya kawaida vya jaribio hili: shaba gramu 200 iliyotoka kwenye maji ya nyuzi 95, maji gramu 150 yaliyoanza na 22, joto la mwisho 33, chombo cha povu kisichonyonya joto la kutajika.

```
c = 150 × 4.2 × (33 − 22) / (0.2 × (95 − 33)) = 559
c = 150 × 4.2 × (30 − 22) / (0.2 × (95 − 30)) = 388
```

Mstari wa pili umeondoa zile 3. Maji yalipanda nyuzi 8 tu, wewe ukaandika 11, na kosa dogo kwenye tofauti ndogo likaharibu jibu zima.

Utauliza, kama 388 imepatikana, kurudia kwa nini? Kwa sababu pengo kwenye safu huweza kuhama au kupanuka kipimajoto kinapopashwa na kupoa. Kosa ulilipima baadaye, si dakika ile ya jaribio, na kusahihisha kwa namba ambayo huwezi kuithibitisha ili jibu lifanane na kitabu ni jambo ambalo msimamizi yeyote makini atalikataa. Hiyo ndiyo hoja ya barua yako. Iandike hivi:

> Ndugu Msimamizi wa Maabara,
>
> YAH: OMBI LA KURUDIA JARIBIO LA JOTO MAHUSUSI LA SHABA
>
> Husika na kichwa cha habari hapo juu. Katika jaribio hilo nilitumia vipimajoto viwili, na cha pili, nilichopimia joto la mwisho, nimekuta kinasoma nyuzi 3 kwenye barafu inayoyeyuka na 98 kwenye maji yanayochemka, wakati cha kwanza kilisoma 95 kwenye maji hayo.
>
> Jibu langu ni 559 J/(kg·K). Nikiondoa nyuzi 3 napata 388, lakini siwezi kuthibitisha kwamba kosa lilikuwa 3 wakati wa jaribio. Naomba nirudie kwa kipimajoto kimoja kilichohakikiwa. Nimeambatanisha vipimo vya awali na hesabu zote mbili.
>
> Wako mtiifu,

Kabla ya kuipeleka, kitumbukize na kile cha kwanza kwenye barafu iliyopondwa yenye maji kidogo, ukikoroge, usubiri namba itulie. Kikisoma 0, ongeza sentensi moja kwenye barua. Cha pili mpelekee fundi sanifu na karatasi inayosema kina nini, ili mwingine asikichukue. Safu iliyokatika huungana tena mara nyingi ikipozwa kwenye barafu yenye chumvi mpaka spiriti yote ishuke kwenye tungi, ila mwachie yeye kazi hiyo. Jina la mwenzako aliyechukua kipimajoto usiliandike popote. Na ukurasa wa daftari wenye 559 usiufute wala kuuchana: piga mstari mmoja juu ya jibu, andika tarehe pembeni, ndio utakaoutolea nakala ya kuambatanisha.