Kutafuta emoji kwa Kiswahili

"Nikiandika 'kucheka' kwenye kibodi ya simu sipati emoji yoyote, ila 'laugh' inaleta nyingi. Kwa nini?"

Ndugu, kwanza ongeza Kiswahili kwenye lugha za kibodi, kisha uhamie humo kabla ya kutafuta. Kibodi nyingi husoma orodha ya maneno ya lugha inayotumika wakati huo.

Ikigoma bado, tatizo ni orodha yenyewe. Kila emoji ina jina moja na maneno machache ya utafutaji, na kibodi kwa kawaida hulinganisha herufi kuanzia mwanzo wa neno. Tuseme orodha ina "cheka": ukiandika "kucheka", herufi za mwanzo hazilingani. Viambishi vyetu vya mbele ndivyo vinavyotuponza, kwa hiyo jaribu mzizi, au nomino kama "furaha".

Majina rasmi hutafsiriwa katika CLDR, mradi wa data za lugha wa Unicode, shirika linalosimamia herufi na emoji; Kiswahili kiko kwenye faili `sw.xml`. Unaweza kuomba akaunti ya Survey Tool, tovuti yao ya kupokea tafsiri, na kupendekeza "kucheka" kipindi cha mapendekezo kikiwa wazi. Mapendekezo hupigiwa kura, na kura ya mgeni ina uzito mdogo, hivyo eleza sababu kwenye jukwaa lao. Likipita, subiri toleo jipya, kisha sasisho la kibodi yako.