Kuomba kwa adabu bila kurundika "tafadhali"

*"Najifunza Kiswahili. Kila nikiomba kitu naweka 'tafadhali', lakini wenzangu kazini wanacheka, wanasema naongea kama tangazo. Wao hawaitumii kabisa na bado wanasikika waungwana. Wanafanyaje?"*

Mimi nakaa na wanaojifunza Kiswahili karibu kila siku, na hilo la tangazo nawaelewa wenzako. "Tafadhali" ni Kiswahili safi, ila makazi yake ni kwenye mabango, barua rasmi na vipaza sauti: "Tafadhali usivute sigara." Mtu akiitoa ana kwa ana kwa jambo dogo, mara nyingi anasikika ameanza kuchoka. "Tafadhali bwana!" kwa sauti kavu ni onyo, maana yake umenikera vya kutosha.

Wenzako wanatumia "naomba". Shika hiyo kwanza, halafu angalia kinachofuata, maana hapo ndipo wanafunzi wangu wengi wanapojikwaa. Ukitaka kitu, kitaje tu: "Naomba maji." Ukitaka kufanya jambo wewe mwenyewe, weka ku-: "Naomba kuuliza", "naomba kupita". Ukitaka mwenzako ndiye afanye, kitenzi kinaanza na u- na kinaishia na -e: "Naomba unisaidie", "naomba uniletee kiti". Vitenzi visivyoishia na -a, vingi vyake vyenye asili ya Kiarabu, havibadiliki mwishoni, kwa hiyo ni "naomba unijibu" na "naomba urudi kesho".

Utasikia sana "naomba kunisaidia", hata kwa wenyeji, na hakuna atakayekununia. Lakini ukiipima utaona haisimami. Jiulize kazi itafanywa na nani. "Naomba kutuma faili" ni mimi naomba ruhusa nitume. "Naomba unitumie faili" ni wewe utume. Nimeshaona ujumbe wa namna ya kwanza ukijibiwa "haya, tuma", na aliyeuandika akakaa anasubiri faili lisilokuja.

Chukua mfano huohuo wa faili. Mwanafunzi mmoja aliniletea rasimu ya ujumbe kwa mama wa makamo ofisini kwao: "Tafadhali nitumie faili la bajeti leo." Sarufi haina kasoro, na bado ni amri iliyovishwa koti. Tuliuandika hivi: "Shikamoo mama, habari za kazi? Samahani kwa usumbufu. Nilikuwa naomba unitumie lile faili la bajeti, ukipata nafasi leo."

Salamu imetangulia, kwa sababu ombi lisilo na salamu linaanza na deni. "Mama" limeweka heshima mahali ambapo angeweka jina tupu. "Nilikuwa naomba" halizungumzii jana hata kidogo. Limerudishwa nyuma ili lisimbane aliyeombwa. "Lile" linasema faili tunalijua sote, si kazi mpya ninayomtwisha. Na "ukipata nafasi" inamwachia mlango, ingawa "leo" imebaki palepale na mama ameisikia vizuri.

Si lazima kila ujumbe uvae vyote hivyo. Kwa mnayelingana naye, "Mambo? Naomba unitumie lile faili" inatosha. "Unitumie faili" peke yake ni laini kuliko "nitumie", na "nitumie" ni laini kuliko "tuma". Kijana kumwambia mkubwa "tuma" hiyo kavu ni utovu wa adabu hata akiisindikiza na tafadhali kumi.

Neno jingine la kuiba kwa wenzako ni "kidogo". "Naomba kalamu" inaweza kueleweka kwamba unaitaka iwe yako. "Naomba kalamu kidogo" inamaanisha utairudisha sasa hivi. Haipimi kalamu, inapima usumbufu. Ndiyo maana tunasema "sogea kidogo" hata tukitaka mtu ahame benchi zima, na "samahani kidogo" tukitaka kukatiza mazungumzo.

Usipitilize lakini. Rafiki wa karibu ukimwambia "nilikuwa naomba unisogezee kiti" atakuuliza amekukosea nini. Kwake "nisogezee hicho kiti" ndiyo lugha ya watu waliozoeana. Na ukivuka kwenda Kenya, hasa mijini, wapo watakaoisikia "naomba" kama ya mtu anayeombaomba. Huko utasikia zaidi "nisaidie na kalamu". Mtanzania ataielewa, ila atajua umetokea wapi.