Herufi H mbili, na rota iliyokufa Ngorongoro

Jana jioni nimekuta ubao wa karakana umeandikwa hivi: "Sumaku 96, induksheni 92. Mjadala umefungwa." Ni ufanisi, kwa asilimia, wa aina mbili za mota za gari la umeme. Chini yake kuna saini mbili za vijana wetu wapya na kikaragosi kinachocheka. Leo asubuhi mmoja wao, mtoto mwema kabisa mwenye shikamoo ya kila siku, nimemkuta kwenye laputopu akisogeza kikomo cha joto cha mota kwenye inveta kutoka 120 hadi 150. Nikamuuliza kwa nini. "Kaka, waya bado una nafasi."

Nikatoka nje kunywa maji kwanza. Sentensi hiyo niliisema mimi mwenyewe mwaka 2021, kwa kujiamini kuliko yeye. Basi kaeni niwaandikie, maana kwa mdomo nitafoka.

1. Ulizeni nani analipia usumaku.

Mota zote mbili mnazijua: stata isiyozunguka ni ileile, inveta ni ileile, tofauti iko ndani ya rota inayozunguka. Kwenye induksheni rota ni kizimba cha shaba au alumini tu, haina usumaku wa kwake. Stata inabidi iutengeneze kwa mkondo wa betri, sekunde baada ya sekunde, na mkondo mwingine unazunguka kwenye fito za kizimba na kugeuka joto. Kwenye mota ya sumaku za kudumu usumaku umeshalipiwa siku ya kununua, na sehemu ya hela hiyo imeishia mgodini.

Hapo ndipo zinapotoka zile pointi nne za ubaoni. Hesabu yake ni fupi. Gari linalokula kilowati-saa 20 kwa kilomita 100 likiwa na mota ya asilimia 96, litakula kama 20.9 likiwa na ya asilimia 92. Kwenye betri ya kilowati-saa 60 mnapoteza kama kilomita 13, au mnaongeza betri ya kilowati-saa 2.6 ili kuzirudisha. Mota ya gari dogo inabeba sumaku za kilo moja hadi mbili hivi. Linganisheni bei ya kilo hizo na bei ya betri ya ziada, mtaelewa kwa nini Tesla, kampuni iliyobeba jina la Nikola Tesla, mtu wa induksheni, na kuitumia induksheni kwenye Rodista ya 2008 na Modeli S ya 2012, iliweka sumaku kwenye Modeli 3 mwaka 2017.

Lakini haikuitupa induksheni. Modeli 3 ya mota mbili ilibaki nayo mbele, sumaku zikakaa nyuma. Sababu yake ndiyo iliyokosekana ubaoni kwenu: sumaku hailali. Gari likiserereka bila kudai nguvu, sumaku bado zinapita mbele ya chuma cha stata na kukipasha moto, na kwenye mwendo mkubwa inveta inalazimika kupeleka mkondo wa kupunguza nguvu zao, mkondo ambao hausukumi gari hata sentimita. Induksheni ukiikatia mkondo inakuwa chuma kinachozunguka tu. Kwa hiyo ya sumaku inafanya kazi ya kila saa, induksheni inaamshwa ukikanyaga mafuta. (Ndiyo, bado nasema mafuta. Vumilieni.)

2. Asilimia moja haitoshi kueleza mota.

Ombeni ramani nzima ya ufanisi, toki, yaani nguvu ya kuzungusha, kwa mizunguko, halafu wekeni kidole pale gari lenu litakapoishi. Induksheni ikihitaji utelezi, yaani rota kubaki nyuma ya stata, wa hezi 3 kwenye barabara kuu, stata ikiwa hezi 200, rota inageuza joto asilimia moja na nusu tu. Utelezi uleule wa hezi 3 kwenye mlima wa polepole, stata ikiwa hezi 30, ni asilimia kumi. Mota moja, siku moja.

3. H ya waya siyo H ya sumaku.

Hii nitaikalia.

Kabla ya magari nilikuwa fundi wa kusuka mota, miaka tisa: pampu za maji, mashine za kusaga, mota za viwandani. Zote induksheni. Katika dunia ile mota inakufa kwa njia mbili, beringi au insuleshi, basi. Rota ya kizimba ikipata moto unaisubiri ipoe. Ukisoma kibati kikasema daraja H, unajua insuleshi inavumilia nyuzi 180, unalala usingizi.

Mwaka ule wa 2021 tukapata kazi ya kubadilisha Landkruza ya kampuni moja ya utalii hapa Arusha. Tuliondoa gia boksi, mota ikaunganishwa moja kwa moja na propela shafti, kwa sababu ilipendeza kwenye mchoro. Muuza mota alitupa chaguo mbili zinazofanana kwa kila kitu ila sumaku: moja 42SH, nyingine 42H, na ya pili ilikuwa nafuu kwa dola 310. Nikaona H. Nikasema H naijua mimi, ni 180. Nikanunua ya nafuu, na nikajisifu mbele ya bosi.

Kwenye sumaku za neodimiamu H maana yake ni kama nyuzi 120. SH ndiyo 150, UH ndiyo 180. Herufi ileile, karatasi ileile ya vipimo, mistari sita tu kati yao.

Kisha nikaongeza ujinga wa pili. Muuzaji alikuwa ameweka inveta ianze kupunguza mkondo sensa ikifika 120. Nikaona huo ni woga, nikapandisha hadi 155. Sensa ile iko kwenye waya wa stata. Ndani ya rota hakuna sensa yoyote, kwa hiyo joto la sumaku nilikuwa nalikisia bila kujua kwamba nakisia.

Gari likaenda Ngorongoro. Ukuta wa kreta ni kama mita 600, na kupandisha tani tatu kimo hicho kunahitaji kama kilowati-saa 5 kwenye matairi, si kitu. Mwendo wa kilomita 15 kwa saa, nguvu ilikuwa kama kilowati 17, na mimi nilikuwa nimesimama ofisini nikitazama kilowati. Lakini bila gia boksi mota ilikuwa inazunguka kama mara 430 kwa dakika huku ikidaiwa toki ya nyutoni-mita 370, dakika ishirini mfululizo. Joto la waya linafuata ampea, na ampea zinafuata toki. Kilowati zilikuwa ndogo, mota ilikuwa inaokwa.

Safari ya kwanza lilipanda. Ya tatu dereva akapiga simu: "Fundi, gari limepata pumu." Ya tano alipitwa na lori la mchanga.

Wiki mbili nilitibu ugonjwa usiokuwepo. Nilipima ukinzani wa waya, fezi zote tatu sawa. Nikapiga mega, insuleshi safi. Kwa fundi wa kusuka, mota hiyo ni nzima, nenda katafute kosa kwingine. Nikaenda kwingine: nikairudisha inveta kwa muuzaji kwa gharama zetu, nikafungua betri, na mbele ya watu wote nikamshukia kijana aliyefunga sensa ya mkao wa rota kwamba ameifunga kombo. Hakunijibu. Aliinama akachukua funguo zake akaanza kuifungua upya, na ilikuwa sawasawa kama alivyoifunga.

Aliyetuokoa ni mzee wa mashine ya kerezo. Alikuja kuazima spana, akatusikiliza, akauliza: "Hiyo si ina sumaku? Izungushe uone inatoa nini." Tulikuwa na mota pacha stoo, ya shehena ileile. Tukaziacha zote mbili usiku kucha chumba kimoja zipoe sawa. Asubuhi tukafunga kila moja kwenye kerezo, nyaya zikiwa wazi, mizunguko 1,000 kwa dakika, tukapima volti kati ya fezi na fezi. Ya stoo ilitoa 61. Ya Ngorongoro 52.

Asilimia 15 ya usumaku imekwenda. Sasa fuateni hesabu: kupata toki ileile unahitaji ampea mara 1.17, na joto la waya linapanda kwa mraba, mara 1.38. Kila safari ilipika sumaku kidogo, na sumaku zilizopungua zikadai mkondo uliozipika zaidi. Kupoza usiku kulikuwa na maana yake pia. Sumaku hizi zinashuka kama sehemu ya kumi ya asilimia kwa kila nyuzi moja ya joto, na hilo hurudi zikipoa. Kisichorudi baada ya kupoa ndicho kilichokufa.

Tulinunua mota mpya ya SH, tukarudisha gia boksi na gia yake nzito. Dola 310 nilizookoa sitawaambia zilifika ngapi. Yule kijana nilimwomba radhi pembeni, faragha, wakati nilikuwa nimemgombeza hadharani, na mpaka leo hilo ndilo linalonichoma kuliko rota.

4. Hiyo S ya ziada ina kwao.

Sumaku inaongezewa uvumilivu wa joto kwa disprosiamu au terbiamu, na hayo ndiyo madini yanayokamatika. Neodimiamu tunayo hata sisi: Ngualla, mkoani Songwe, ina akiba kubwa, na wenzetu wa Burundi walichimba Gakara kuanzia 2017 hadi kazi iliposimama 2021. Disprosiamu nyingi inatoka kwenye udongo wa kusini mwa China na Myanmar, na usafishaji karibu wote uko China. Aprili 2025 China iliweka masharti ya leseni kwa madini saba ya kundi la madini adimu, disprosiamu na terbiamu zikiwemo, pamoja na sumaku zake; ndani ya wiki chache kiwanda cha Fodi cha Chikago kikasimamisha kazi kwa muda.

Kwa hiyo mteja akisema anaogopa bei ya sumaku, msimcheke. Audi iliingia sokoni na e-troni ya induksheni mbele na nyuma, nao si wajinga. Gari la mizunguko ya mjini lenye betri ndogo nalifungia mota ya sumaku. Gari ambalo najua litateswa mlimani na mtu asiyesoma kipimo, afadhali induksheni: itapoteza umeme zaidi na itapata moto, lakini ikipoa inaamka na nguvu zake zote.

5. Madogo madogo.

Pimeni volti za mota mpya kwenye kerezo kabla ya kuifunga, muandike na joto la chumba. Gari la sumaku likiharibika njiani lipandishwe juu ya lori, lisiburutwe matairi yakigusa chini, maana mota itazalisha umeme hata betri ikiwa imetolewa. Msitoe rota kwa mikono mitupu. Vidole vina waya ambazo siwezi kusuka.

Ile rota ya Ngorongoro iko chini ya benchi langu. Bado inavuta spana kwa kishindo, ndiyo maana kwa mkono huwezi kujua kwamba ni mgonjwa. Na aliyeigeuza kopo la kuhifadhi nati za inveta, nati zote 24, aje azibandue mwenyewe kabla ya chai ya saa nne.